Sekunde Ishirini za Bibi Mkunga

Ofisini walimwita Sekunde, na hakukasirika, maana jina lenyewe alilitafuta kwa mikono yake. Kazi yake katika kituo cha dharura cha manispaa ilikuwa kuandika ujumbe wa sauti unaopigwa kwenye simu za watu kukiwa na hatari, na ujumbe huo mashine iliukata ukifika sekunde ishirini. Umemaliza, hujamaliza, shauri yako. Sababu ilikuwa uchache wa laini za simu. Simu zilitoka kwa mafungu, fungu moja likimaliza ndipo lingine liingie, kwa hiyo kila sekunde uliyomwongezea mtu wa kwanza ulimnyang'anya mtu wa mwisho kwenye foleni. Ndani ya muda huo msikilizaji alipaswa kujua kumetokea nini, wapi, na afanye nini. Ni maneno arobaini hivi, ukisema bila kukimbia. Waliodhani kazi hiyo ni ya mchezo aliwapa kalamu na saa, akawaacha wajaribu, na wengi sekunde ziliwaishia wakiwa bado kwenye "ndugu wananchi".

Yeye alikuwa na ujanja wake. Mtu akipigiwa simu, sekunde mbili tatu za mwanzo hasikii kitu: anaisogeza sikioni, anasema halo, anauliza wewe nani. Ukiweka neno la maana pale mwanzo, limepotea. Basi kila ujumbe wake ulianza na maneno ambayo yakipotea hayaumizi. Habari za saa hizi. Hiki ni kituo cha dharura cha manispaa. Baada ya hapo ndipo shughuli ianze. Mkuu wa zamu alilipenda sana jambo hilo, hasa kwa sababu jina la kituo lilitajwa mapema.

Mara moja kila mwezi walipiga ujumbe wa majaribio mji mzima, kuona kama mitambo iko salama. Sauti ilikuwa ya Sekunde mwenyewe, tulivu na safi, na sitakuficha, aliipenda. Sokoni watu walimtambua akiuliza bei ya vitunguu. Na nyumbani kwa mama yake, kule bondeni kando ya mto, jirani aliyekuwa fundi cherehani hakuacha kumtania. Fundi huyu alimwita mchumba tangu Sekunde akiwa na meno ya utoto. Alisema, leo mchumba umenipigia tena, umenisalimia vizuri, halafu unaniambia ni jaribio. Siku ukiamua kunipigia kweli, nitajuaje? Sekunde alicheka. Mama yake alicheka. Fundi mwenyewe alicheka kuliko wote, akageukia cherehani yake, mashine nzito ya chuma aliyoipata kwa jasho la miaka na ambayo hakumruhusu hata mtoto aguse gurudumu lake.

Mama yake Sekunde alikuwa mkunga mstaafu. Mtaa mzima wa bondeni walimwita Bibi Mkunga, na nusu yao walitokea mikononi mwake wakipiga kelele. Goti lake la kulia lilikuwa limemchoka, na ngazi ndefu za machinjio, zinazopanda kutoka mtaani hadi shule ya mlimani, alizipanda kwa vituo, akikaa na kuwasema wapita njia. Sekunde alikuwa amembembeleza ahamie kwake kwenye ghorofa, mara ngapi hata hesabu ilimpotea. Jibu lilikuwa lile lile, kwamba huko juu hamna mtu wa kupiga naye soga.

Siku yenyewe jua lilikuwa linawaka. Hilo ndilo lililowaponza wengi, maana mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha huko milimani, mbali, ambako watu wa mjini walikuona kwenye picha za kalenda tu, na bondeni kulikuwa na nguo zimeanikwa. Baada ya saa nane na nusu mchana simu nyekundu ya kituo ililia. Alikuwa msimamizi wa bwawa la kumwagilia mashamba, upande wa juu wa mto, na alizungumza bila salamu. Ukuta wa udongo ulikuwa umepasuka upande mmoja na maji yalikuwa yanautafuna. Alipoulizwa yatafika mjini lini alisema kabla ya saa kumi, labda mapema zaidi, na akaomba asishikwe kwenye simu kwa sababu naye alikuwa anaondoka.

Chumba cha kituo kilikuwa kidogo, meza tatu, ramani kubwa ukutani na feni iliyopiga kelele. Fundi wa mitambo, kijana mrefu mwembamba waliyemwita Antena, aliinuka kwenye kiti chake kabla hajaambiwa. Mkuu wa zamu alishika simu mbili, akiita zimamoto kwa moja na polisi kwa nyingine. Sekunde alivuta karatasi. Alikuwa ameuandika ujumbe wa namna hii kichwani mara nyingi, akioga, akipika, akisubiri usingizi. Aliuandika, Mkuu akausoma na kutia sahihi, naye akaingia kwenye kijichumba cha kurekodia chenye godoro ukutani, akausema.

"Habari za saa hizi. Hiki ni kituo cha dharura cha manispaa. Ukuta wa bwawa umebomoka. Maji yanakuja mtaa wa bondeni, kuanzia machinjio hadi daraja la chuma. Panda sasa hivi hadi shule ya mlimani. Pita ngazi za machinjio. Hili si jaribio."

Ulitimia sekunde ishirini barabara. Hatari ilikuwamo, mahali palikuwamo, cha kufanya kilikuwamo, na alama alizozitaja zilikuwa zile ambazo hata mtoto wa chekechea wa bondeni anazijua. Hakusema msivuke daraja, kwa sababu mtu mwenye hofu hushika neno daraja na kuliacha lile la kukataza. Alisema tu pita hapa. Nauliza, wewe ungeongeza nini? Antena alibonyeza, na simu zikaanza kutoka.

Kwenye skrini namba zilianza kugeuka kijani, moja moja kwanza, halafu safu nzima. Kijani ni simu iliyopokelewa. Mkuu wa zamu alisimama nyuma ya kiti cha Antena na kwa mara ya kwanza tangu simu nyekundu ilie akapumua. Alisema watu tisa kati ya kumi wanapokea, hajawahi kuona kitu kama hicho. Akamshika Sekunde bega, akamwambia kazi nzuri.

Sasa, kituo kile kilikuwa na sheria iliyobandikwa mlangoni: wakati wa dharura hakuna kumpigia simu ndugu. Ni sheria nzuri. Kila mfanyakazi akianza na wake, nani atabaki wa watu wengine? Sekunde mwenyewe ndiye aliyeiandika, kwa maneno saba. Lakini alipoona namba ya mama yake imegeuka kijani moyo wake haukutulia. Alijua goti lile na ngazi zile. Aliwaza kwamba mama akianza kupanda sasa, na asipokaa kituo cha kwanza kusema watu, atafika. Akatoka nje kwenye korido, akageukia ukuta, akapiga.

Mama alipokea akiwa na furaha. Sekunde alimuuliza amefika wapi.

"Nimefika wapi tena? Niko jikoni, mama, chungu kiko motoni."

Sekunde alimuuliza kama hakupigiwa simu na kituo. Mama akasema amepigiwa, amepokea, amemsikia mwanawe anavyosalimia vizuri kama kawaida yake, akakata ili asiunguze chakula. Akauliza kwani majaribio siku hizi mnapiga mara mbili kwa mwezi.

Sekunde alimwambia mama yake asikate, akarudi ndani mbio na simu sikioni, akamwambia Antena afungue ukurasa wa muda. Mpaka dakika ile hakuna aliyeutazama. Walikuwa wanahesabu waliopokea, si waliosikiliza. Antena akaufungua, na namba zikashuka mbele yao: sekunde tano, sekunde sita, tano, nne, tano. Mtaa mzima ulikuwa umepokea simu, umesikia habari za saa hizi kwa sauti ile ile, umesikia kituo cha dharura cha manispaa kwa maneno yale yale, ukakata. Neno bwawa halikumfikia hata mmoja. Na maneno "hili si jaribio" alikuwa ameyaweka mwisho, mahali ambapo hakubaki mtu.

Alikuwa amewafundisha yeye. Mwezi baada ya mwezi, kwa sauti yake nzuri, alikuwa amewafundisha watu wa mji kwamba sauti hii ikija hakuna jambo. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawa ya moto, na chini ya aibu kulikuwa na hofu ambayo haikuwa na adabu yoyote. Ilitaka apige kelele.

Hakupiga. Alimwambia mama yake taratibu kwamba hili si jaribio, bwawa limebomoka, azime moto, atoke, apande. Halafu mama akauliza swali la kikunga.

"Muda uko kiasi gani?"

"Haufiki saa nzima. Toka sasa hivi, mama."

"Na hawa je? Nawaona kutoka dirishani. Hakuna hata mmoja aliyesimama. Fundi anashona, na redio ameifungua mpaka mwisho. Ningewaita mimi, wangetoka."

Alisema tu, kama anavyosema mtu mzima jambo analolijua. Lakini Sekunde alisikia humo kitu kingine, na angetoa chochote asikisikie. Gari la zimamoto lenye kipaza sauti lilikuwa limekwama kwenye msongamano upande wa pili wa daraja la chuma. Ujumbe wa maandishi ulikuwa umeshatumwa nao umelala kwenye simu, pamoja na matangazo ya mikopo na bahati nasibu. Sauti ya Sekunde mwenyewe imeshaharibika. Sauti ya Mkuu hakuna anayeijua. Ilibaki sauti moja ambayo bondeni wote waliitii tangu siku walipozaliwa, na mwenye sauti hiyo alikuwa na goti bovu na alipaswa kuwa kwenye ngazi sasa hivi, si kwenye simu.

Alifikiria kumwambia aseme huku anapanda. Aliijua pumzi ya mama yake kwenye ngazi zile, asingeeleweka neno. Kama ni kufanya, lazima akae chini, atulie, aseme. Kila dakika atakayokaa ni dakika ya ngazi.

Alimgeukia Mkuu wa zamu, akamweleza. Mkuu akauliza kwa jina la nani, kwa idhini ipi, mwananchi kutoka mtaani atatangazaje kwa niaba ya manispaa. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa mihuri. Sekunde alimwonyesha kwa kidole kwenye skrini, palipoandikwa tano, tano, sita. Mkuu alitazama. Kisha akachukua kalamu, akatia sahihi chini ya karatasi tupu, akamsukumia.

"Jaza," alisema. "Nitajibu mimi."

Antena alisitisha foleni ya kwanza, akaiingiza simu ya mama kwenye mtambo, akawasha kurekodi. Sekunde alimwambia mama yake akae, aseme na watu wake, awaambie kilichotokea, wapi, na wafanye nini. Mama akasafisha koo.

"Wanangu, ni mimi, Bibi Mkunga, hamjambo? Jamani huku kumeharibika. Mwanangu kanipigia kutoka ofisini, mimi mwenyewe nilidhani ni yale mambo yao ya kila mwezi, kumbe ni kweli, bwawa limebomoka. Mama Pacha, toa watoto. Wewe dereva, mwamshe baba yako. Na wewe fundi, baba, cherehani hiyo iache, nakujua, iache hapo hapo ilipo, usije ukasema sikukwambia…"

Sekunde alimkata. Mashine ingekuwa imeshamkata zamani, akiwa bado kwenye ofisi na mambo ya kila mwezi, na mpaka hapo hajasema popote watu waende wapi. Lakini ilikuwa sauti yenyewe. Antena alikuwa ameinua kichwa. Hata Mkuu alikuwa amenyooka kwenye kiti, mtu ambaye mama huyu hakumzaa wala hakumpokea alipozaliwa.

"Mama, hakuna salamu. Na hakuna nafasi ya majina."

"Fundi haachi cherehani yake mpaka aambiwe."

"Mama, wote tunawaambia. Sikiliza maneno yangu."

Alisema kwa ukali, na hakuwahi kusema na mama yake hivyo hata alipokuwa msichana wa kubishana. Sekunde aliandika kwa haraka, akafuta, akaandika. Kulikuwa na mahali pa maneno matano hivi baada ya ngazi. Aliandika "acheni vitu". Akaandika pia "beba mtoto, mshike mzee mkono", kwa sababu bondeni kulikuwa na wazee wengi kuliko vitu vya thamani. Akapima kwa midomo huku anatazama saa. Vyote viwili havikuingia. Alipiga mstari juu ya "acheni vitu", na mstari ule ulichukua muda mfupi kuliko kuuelezea.

Akamsomea mama ujumbe mara mbili, kwa vipande. Mama alikuwa na kichwa cha kazi yake, cha mtu aliyezoea kupokea maagizo ya daktari kwa simu na kuyatekeleza bila karatasi. Mara ya kwanza alisahau ngazi. Walirudia. Sekunde alikuwa anaiona saa ya ukutani na hakutaka kuiona.

"Ni mimi, Bibi Mkunga, nawaita. Bwawa limebomoka, maji yanakuja. Nyumba zote toka machinjio hadi daraja la chuma, tokeni sasa. Pandeni ngazi za machinjio hadi shule ya mlimani. Beba mtoto, mshike mzee mkono. Maji yanafika kabla ya saa kumi."

Sekunde kumi na tisa. Antena aliucheza wote mara moja, kama taratibu inavyotaka, kuhakikisha haukukatika. Sekunde alikuwa tayari ameshamwambia mama yake nenda, nenda sasa, na mama akauliza kama amesema vizuri, naye akamjibu vizuri mama, nenda, na laini ikakatika.

Ujumbe ukatoka. Namba zikageuka kijani tena, na safari hii hakuna aliyetazama kijani. Walitazama safu ya muda. Kumi na tisa. Kumi na tisa. Kumi na mbili, huyo labda alianza kukimbia. Kumi na tisa. Baada ya muda redio ya zimamoto ikakoroma, na dereva wa gari lile lililokwama darajani akasema anaona watu kwenye ngazi za machinjio, wengi, wanabeba watoto, wengine wamebebana. Antena alifuta macho kwa kiganja na kusema feni ina vumbi.

Sekunde alitafuta namba ya mama yake kwenye orodha. Mtambo ulikuwa umempigia naye, kama kila mtu wa bondeni. Haikupokelewa. Ulimpigia tena. Haikupokelewa. Alikaa pale akiandika ujumbe wa tatu na wa nne, wa watu wa chini zaidi kando ya mto, wa kufunga barabara, na kila alipomaliza mstari alirudi kutazama namba ile. Maji yalifika kabla ya saa kumi, kama alivyosema msimamizi. Kutoka kituoni hayakusikika. Redio tu ndiyo iliyosema yamefika, halafu ikasema nyumba za mwisho hazionekani, halafu ikanyamaza.

Jioni walipompokea zamu alikwenda shule ya mlimani kwa miguu, maana barabara zilikuwa zimefungwa. Madarasa yalijaa. Alimpita mama yake mara mbili bila kumwona, kwa sababu alikuwa anamtafuta mtu aliyelala, au aliyejeruhiwa, na mama yake alikuwa amekaa juu ya dawati na mtoto wa mtu mapajani, akiwagawia wenzake mahali pa kulala. Vijana wawili walikuwa wamempandisha kwa kumbeba kwenye kiti. Simu ilikuwa imeanguka kwenye ngazi ya kwanza. Sekunde alimkumbatia, akalia bila haya mbele ya watu waliokuwa wanaijua sauti yake, na mama akampigapiga mgongoni akisema basi, basi, tumefika.

Alipotulia mama akamuuliza kitu.

"Fundi yuko darasa gani?"

Hakuwa darasa lolote. Walimpata kesho yake maji yalipopungua, chini kabisa ya ngazi za machinjio, hatua chache kutoka kwenye usalama. Cherehani ilikuwa mgongoni mwake, ameifunga kwa kitambaa cha kazi ya mteja, mafundo mazuri ya mtu anayejua nguo. Hakuna mwingine wa mtaa ule aliyepotea. Mkuu wa zamu alisema kwenye kikao kwamba mtaa mzima umeokoka isipokuwa mtu mmoja, na alisema kwa nia njema, na wote wakampigia Sekunde makofi. Yeye alirudi mezani, akafungua safu ya muda, akatafuta namba ya fundi. Ujumbe wa kwanza, sekunde tano. Ujumbe wa pili, sekunde kumi na tisa. Alikuwa amesikia kila kitu. Alijua kilichotokea, alijua wapi, na alifanya alichoambiwa, kwa sababu hakuna mahali alipoambiwa aache cherehani.

Mama yake hakumlaumu. Nadhani ingekuwa nafuu kama angemlaumu. Alihamia kwenye ghorofa ambako hakukuwa na mtu wa kupiga naye soga, akakaa dirishani, akasema mara moja tu, huku anachambua mchele, kwamba ukuta wa jikoni kwake ulikuwa mmoja na wa fundi, na kwamba kwa zile dakika za kurudia rudia angeweza kumgongea. Halafu akauliza chumvi iko wapi. Sekunde akampa chumvi. Usiku alilala macho wazi akipima ujumbe ule ule kwa midomo, akimtoa mzee, akimrudisha mzee, na kila mara palikuwa na mtu aliyebaki nje.

Kituo kilibadilisha mengi. Majaribio yalipewa mlio wake na sauti ya mtu mwingine, na maneno ya kwanza ya jaribio hayakuruhusiwa kufanana na ya hatari. Safu ya muda ikawekwa juu ya skrini, mahali palipokuwa na ile ya kijani. Na kwa sababu mvua nyingine zilikuwa zinakaribia na watu walikuwa wameanza kujenga tena bondeni, Mkuu aliomba sauti ya Bibi Mkunga irekodiwe vizuri, bila mikwaruzo ya simu, iwekwe akiba, isitumike kwa jaribio hata siku moja. Sekunde alisema atamuuliza mama. Alikaa na swali hilo tumboni wiki nzima kabla ya kuuliza.

Mama alikubali kwa kichwa. Walikaa kwenye meza ya kulia chakula, Antena akiwa ameazima kinasa sauti cha ofisi na kukiweka juu ya taulo lililokunjwa ili meza isivume. Sekunde alitoa karatasi. Ujumbe ulikuwa ule ule, isipokuwa baada ya ngazi kulikuwa kumeongezwa maneno mawili, acheni vitu. Mama aliusoma taratibu, miwani puani, na saa ikapita ishirini. Wakatafuta cha kutoa. Sekunde alisema labda watoe "maji yanakuja", mtu akisikia bwawa limebomoka ataelewa. Mama akakataa, akasema watu hawakimbii bwawa, wanakimbia maji.

"Toa jina langu," alisema. "Ni mimi, inatosha. Asiyenijua pale amehamia juzi."

Sekunde alipiga mstari. Akapima kwa midomo. Iliingia.

Antena akawasha. Mama akavua miwani, akaiweka mezani, maana maneno alikuwa ameshayashika. Alisema ni mimi, nawaita. Alisema bwawa, akasema machinjio na daraja la chuma, akasema ngazi na shule, kwa ile sauti isiyobishaniwa, na Sekunde aliifuata saa kwa kidole na kuona wanakwenda sawa. Mama akafika mahali pa yale maneno mawili.

"Acheni vitu," alisema. "Fundi, baba, na wewe. Iache hiyo cherehani, iache hapo hapo ilipo, njoo, nimekaa nakusubiri huku juu, njoo tu hivyo hivyo."

Saa ilipita ishirini. Antena alimtazama Sekunde, kidole kikiwa juu ya kitufe, akingoja aambiwe akate. Sekunde alitikisa kichwa, akakiacha kinasa kiendelee mpaka mama yake aliponyamaza mwenyewe. Kisha akamletea maji, mama akanywa, wakarudia tangu mwanzo.